Kapsheni ya selfi ya kioo: nionekane najiamini, si kwamba najisifu au naomba sifa

Dada_wa_Tororo
Habari za jioni jamani. Nina jambo dogo ila limenikalia kichwani tangu jana.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani Malaba. Siku zote nimekuwa meza ya nyaraka, na Jumatatu naanza kusimamia zamu ya asubuhi. Nimeshonesha koti la kitenge cha bluu na sketi nyeusi. Jana nilipokwenda kulijaribu, nikapiga picha kwenye kile kioo kirefu cha fundi. Picha nimeipenda. Nimesimama wima, simu iko usawa wa kifua, uso unaonekana wote.

Kapsheni ndiyo imenishinda. Hizi ndizo nilizoandika nikazifuta:

"Sijui kama nimependeza, mtaniambia wenyewe 🙈"
"Malkia hahitaji taji ili ajulikane."
"Wenye wivu mtanisamehe leo."
"Mungu ni mwema. Nimetoka mbali."

Itaenda stetasi ya WhatsApp na Instagram. Facebook nimeachana nayo tangu ilipofungwa hapa Uganda Januari 2021, VPN inanilia bando. Kwenye stetasi yangu wamo bosi, madereva wa malori, akina mama wa kanisani na senga yangu. Nataka waone mtu anayejiamini. Sitaki wadhani nimekaa nikisubiri kuambiwa "umependeza".

Kijana_Kikuubo
Weka emoji ya miwani meusi, lala. Maneno ya nini, dada?

Fundi_Simu_Wandegeya
Dada, kosa la kwanza watu wengi hawafuti lenzi. Chukua kitambaa laini, futa lenzi na kioo pia. Usiwashe flashi, itarudi kwenye kioo na kukuachia doa jeupe usoni. Simama pembeni kidogo ya dirisha, mwanga uje kwako, usije mgongoni. Ukitaka urefu wa mwili utoke vizuri, shusha simu hadi kifuani na usiiinamishe.

Na kumbuka picha ya kioo inageuza maandishi. Kuna mteja wangu alivaa fulana yenye maneno, akapiga kwenye kioo, kapsheni akaandika "Someni kifua changu". Watu wakashinda wanageuza simu juu chini.

Dada_wa_Tororo
Hahaha asante kaka, lakini picha nimeshapiga na iko sawa. Tatizo ni maneno. Ila umenishtua, kitambulisho cha kazi kiko shingoni na kweli kimeandikwa kinyumenyume. Nitarudi kwa hilo.

Mama_Shamim_Arua
Mwanangu hongera kwa cheo. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe anza na Mashallah au Alhamdulillah, kwa kuwa wewe ni wa kanisani basi sema "Asante Mungu". Ukimtanguliza Mungu hakuna atakayekusema kuwa unajisifu. Ile ya nne uliyoiandika ndiyo nzuri, usiifute.

Mkaazi_wa_Busia
Tuseme ukweli. Mtu akipiga picha yake mwenyewe mbele ya kioo na kuiweka watu mia waone, anataka sifa. Kapsheni haiwezi kuficha hilo. Afadhali uandike "nisifuni" tujue moja.

Kalamu_Nyeusi
Niliwahi kuandikia maduka ya nguo hapa Kampala maneno ya picha zao, na picha nyingi zilikuwa za wateja mbele ya kioo. Kwa hiyo hili nimelikalia sana. Nianze na zile nne, maana kila moja inaharibika kwa njia yake.

Ya kwanza inauliza swali lenye jibu moja. Umeshasema "mtaniambia", sasa mtu afanye nini? Akisema umependeza, amelipa deni. Akinyamaza, wewe utaanza kuangalia nani ameona na hakusema kitu. Kile kijiemoji cha nyani aliyeziba macho kinazidisha: umejitokeza halafu unajifanya unajificha. Hapo ndipo watu husema "anaomba sifa", hata kama hukukusudia.

Ya pili si yako. Mstari wa malkia na taji upo chini ya picha nyingi mno, na macho ya msomaji yanaupita kama yanavyopita bango la barabarani. Halafu umejipa jina ambalo angepaswa kukupa mtu mwingine.

Ya tatu ndiyo ningeiogopa zaidi. Fikiria yule mama wa kanisani aliyefungua stetasi yako akiwa na furaha. Kabla hajatabasamu anasoma kuna watu wana wivu. Anajiuliza: mimi? Umeita kikao cha watu ambao hawajafika, na waliofika umewapa mashaka. Mtu anayejiamini haanzi kwa kujitetea.

Ya nne nitairudia, maana Mama Shamim ameigusa na hajakosea kote.

Picha imeshasema "nitazameni". Haina haja ya msaada. Ukiandika maneno yanayosema tena "nitazameni", umesema mara mbili, na ile mara ya pili ndiyo inayosikika kama majivuno. Kapsheni ifanye kazi ambayo picha haiwezi. Picha inaonyesha ulivyo. Haiwezi kuonyesha kwa nini umepiga jana na si mwezi uliopita.

Kwa hiyo nakuuliza hilo hilo. Kioo cha fundi umekiona mara nyingi. Jana kulikuwa na nini?

Dada_wa_Tororo
Mmh. Si cheo tu. Cheo nilijua wiki iliyopita na sikupiga picha.

Labda ni koti. Fundi huwa ananiuliza kila mara, mabega niyaache laini au niweke pedi? Na mimi kila mara nasema acha laini, kwa sababu mabega yangu ni mapana na shuleni walikuwa wananitania. Safari hii aliponiuliza nikamwambia weka. Nilipovaa nikajiona nimejaa kwenye koti. Ndipo nikatoa simu.

Kalamu_Nyeusi
Acha hapo hapo. Umeshaiandika.

"Fundi aliuliza kama aweke pedi mabegani. Nikamwambia weka."

Kijana_Kikuubo
Ayii. Hiyo ni kali. Narudisha miwani yangu.

Mama_Shamim_Arua
Ni nzuri lakini Mungu yuko wapi hapo?

Simba_wa_Jimu
Samahani naingilia. Mimi napiga selfi ya kioo jimu kila Ijumaa, Ntinda. Nakuwa mnyenyekevu kabisa, naandika "Bado safari ni ndefu". Na bado watu wananiambia najisifu! Sasa nyie mnasema mtu aseme nini, kama hata unyenyekevu haukubaliki?

Kalamu_Nyeusi
Simba, kwenye picha umevaa shati?

Simba_wa_Jimu
Jimu kuna joto.

Kalamu_Nyeusi
Basi ndiyo sababu. Mkono umekunja, kifua kiko wazi, halafu maneno yanasema "bado". Msomaji anaona vitu viwili vinavyopingana na anaamini macho yake. Anachohisi ni kwamba unamtaka yeye akupinge: "Bado wapi kaka, umeshafika!" Ni ombi lile lile la sifa, limevaa kanzu tu.

Hili lilipimwa pia. Ovul Sezer na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2018 kuhusu watu wanaojisifu kwa kulalamika au kwa kujishusha, mfano "nimechoka na watu kunisimamisha njiani". Walikuta hao wanapendwa kidogo kuliko anayejisifu wazi wazi, kwa sababu wasikilizaji wanahisi hawasemi kutoka moyoni. Kwa hiyo kati ya "Bado safari ni ndefu" na "Leo nimeridhika na mgongo wangu", mimi ningechukua hii ya pili. Mtu anaweza kukubaliana nawe au asikubali, lakini hujamtega.

Simba_wa_Jimu
Ila kweli bado safari ni ndefu.

Mkaazi_wa_Busia
Nilisema. Hata hiyo ya pedi za mabega ni sifa, imezungushwa tu. Amesema "nikamwambia weka", maana yake tazameni mabega yangu.

Kalamu_Nyeusi
Mkaazi, sibishi kwamba anataka aonekane. Kama hataki, picha ingebaki kwenye simu. Mtu kutaka kuonekana siku amevaa vizuri si kosa, watu wamekuwa wakienda studio kupigwa picha za sikukuu tangu babu zetu. Swali lake halikuwa aonekane au asionekane. Ameuliza asionekane anaomba.

Mimi natumia kipimo kimoja. Soma kapsheni, kisha fikiria mtu anayekujua kidogo tu anataka kukujibu. Ana majibu mangapi? Kwa "mtaniambia wenyewe" ana moja, "umependeza". Kwa "malkia" ana moja, labda na moto mbili tatu. Kwa ile ya fundi anaweza kuuliza fundi yuko wapi, anaweza kusema hata yeye anaogopa pedi, anaweza kucheka, anaweza kumwambia mabega hayakuhitaji, na anaweza asijibu kabisa bila kuwa amemkosea mtu. Majibu yakiwa mengi, ombi limepungua. Sikusema limekwisha.

Mkaazi_wa_Busia
Hapo kidogo nimekuelewa. Kidogo.

Mama_Shamim_Arua
Kalamu, mwanangu, bado hujanijibu habari ya Mungu.

Kalamu_Nyeusi
Samahani mama. Uko sawa kwamba shukrani inatuliza. Mtu akishukuru, watu wanaona hajidai kwamba kafika peke yake. Ila inategemea shukrani imeshika nini. "Mungu ni mwema" chini ya uso uliopakwa vizuri, bila neno lingine, inasomeka kama Mungu ni mwema kwa sababu mimi ni mzuri. Mtu hakukusudia, lakini picha na maneno vimekaa pamoja na msomaji anaviunganisha. Ndivyo inavyotokea pia kwa wanaoandika Zaburi 139:14 chini ya kila selfi. Mstari ni wa shukrani, ukiwekwa kila siku chini ya uso huo huo unageuka kuwa stempu.

Na "nimetoka mbali" inaongeza jambo jingine. Haisemi wapi. Msomaji anajazia mwenyewe, na wengine watajazia vibaya: umetoka mbali na nani, na sisi?

Ikishika kitu inabadilika. Mfano: "Asante Mungu kwa zamu mpya, na asante fundi kwa mabega." Hapo shukrani ina anwani, na kuna mzaha mdogo unaoizuia isiwe hotuba.

Mama_Shamim_Arua
Hiyo ya mwisho nimeipenda. Lakini mimi sisemi Mashallah kwa ajili ya watu wasinione najidai. Nasema kwa ajili ya kijicho. Vijana mnacheka, lakini mtu akianika furaha yake bila kinga anajitakia. Hilo kipimo chako cha majibu hakilipimi.

Kalamu_Nyeusi
Hakilipimi mama, kweli. Hapo sina neno.

Dada_wa_Tororo
Mama Shamim, senga yangu anasema hivyo hivyo! Yeye hata picha ya mtoto mchanga hataki iwekwe.

Sasa nina maswali mawili. Moja, cheo. Nikiandika habari ya pedi tu, watu hawatajua habari ya Jumatatu. Nikiandika cheo, naonekana natangaza. Mbili, kitambulisho. Nimejaribu kuigeuza picha ili maandishi yasomeke, nikaona uso wangu umepinda! Jicho moja liko juu. Nikataka kuandika "msijali sura, mwanga mbaya". Nimechanganyikiwa.

Fundi_Simu_Wandegeya
Hilo la uso ni la kwangu. Hujapinda dada. Maisha yako yote umejiona kwenye kioo, kwa hiyo uso unaoujua ni ule wa kioo. Ukiigeuza picha unauona uso ambao sisi wengine ndio tunauona kila siku. Wateja wanarudisha simu kwangu wakisema kamera ya nyuma imeharibika, inawapiga vibaya, kumbe kamera ya mbele huwa inawaonyesha kama kioo na ya nyuma haifanyi hivyo.

Kalamu_Nyeusi
Fundi amesema kweli, na kuna watafiti, Mita na wenzake, waliolijaribu mwaka 1977. Walipiga watu picha, wakatoa ya kawaida na iliyogeuzwa. Wenye nyuso walielekea kupenda ile ya kioo, marafiki zao ile ya kawaida. Kila mtu alipenda uso aliouzoea.

Kwako maana yake ni kwamba usiandike msamaha wa sura. Hilo jicho hakuna atakayeliona isipokuwa wewe. Ukiandika "msijali sura", wote wataanza kuitafuta kasoro, na wenye huruma watalazimika kukwambia hakuna kitu. Umerudi kwenye kuomba sifa kwa mlango wa nyuma. Acha picha kama kioo kilivyoitoa, ndiyo uliyoipenda.

Kitambulisho kifiche. Si kwa sababu ya kioo. Ni jina la ofisi na namba yako, na mtu yeyote anaweza kuigeuza picha kama ulivyoigeuza wewe. Kata sehemu hiyo au ukiweke upya ndani ya koti upige nyingine.

Dada_wa_Tororo
Sawa, nitakata juu ya mkanda wa kitambulisho. Hapana, nikikata hapo mabega yanapotea. Nitapita kwa fundi kesho kuchukua koti, nipige tena.

Kalamu_Nyeusi
Vizuri. Sasa cheo. Ugumu ni kwamba cheo ni nomino kubwa, na nomino kubwa chini ya selfi inakuwa tangazo. "Msimamizi mpya" ni tangazo. "Bosi mpya mjini" ni tangazo lenye kelele. Ila kazi yenyewe ina saa na mahali, na saa na mahali havijisifu. Jaribu:

"Fundi aliuliza kama aweke pedi mabegani. Nikamwambia weka. Jumatatu nashika zamu ya asubuhi, Malaba."

Anayejua kazi yenu ataelewa maana ya kushika zamu. Asiyejua atajua kuna kitu Jumatatu, akitaka atauliza.

Na mpangilio usiubadilishe. Instagram huonyesha mwanzo tu wa kapsheni, mengine yanafichwa mpaka mtu aguse. Kwenye stetasi pia maneno yakiwa marefu yanakunjwa, na yanakaa juu ya sehemu ya chini ya picha yako. Ukianza na "Jumatatu nashika zamu", wengi wataishia kwenye cheo na kuondoka na hicho. Ukianza na fundi, wanaondoka na hadithi. Nimeona watu wengi wanaweka shukrani mwisho kabisa, baada ya mistari mitano ya kujieleza, halafu wanashangaa wanaambiwa hawashukuru. Hakuna aliyefika huko.

Kijana_Kikuubo
Na emoji?

Kalamu_Nyeusi
Moja inatosha kama ina kazi. Uzi na sindano 🧵 ni sawa, inaendana na fundi. Taji, moto na almasi zitarudisha yale yote tuliyoyaondoa. Mimi ningeacha nukta tu. "Nikamwambia weka" na nukta. Hiyo nukta inaonyesha mtu ametulia.

Simba_wa_Jimu
Na mimi je? Ijumaa ni kesho.

Kalamu_Nyeusi
Jibu swali lile lile. Kwa nini Ijumaa hii?

Simba_wa_Jimu
Kwa sababu ni Ijumaa.

Kalamu_Nyeusi
Hapo ndipo penye shida, kaka. Picha ile ile, kioo kile kile, kila wiki. Hata kapsheni ya dhahabu itachoka. Hakuna kilichobadilika wiki hii hata kidogo?

Simba_wa_Jimu
Jumanne nilipiga skwoti kilo 100 na mwalimu hakushika chuma. Huwa anasimama nyuma yangu na mikono tayari. Safari hii alikuwa anaongea na simu.

Kijana_Kikuubo
Hahahaha mwalimu hajali uhai wako.

Kalamu_Nyeusi
Hiyo hiyo. "Kilo 100. Mwalimu alikuwa kwenye simu." Na uvae shati, kwa sababu skwoti ni habari ya miguu.

Simba_wa_Jimu
Shati sivai. Lakini maneno nachukua.

Mkaazi_wa_Busia
Kilo 100 ni namba, na namba ni majivuno kuliko malkia. Kalamu unajipinga.

Kalamu_Nyeusi
Inaweza kuwa. Kwa watu wa jimu namba ni habari kama bei ya sukari, kwa senga yake ni majivuno. Inategemea nani anaona. WhatsApp inakuruhusu kuchagua nani aione stetasi na nani asiione, angalau wasionyanyua vyuma unaweza kuwaondoa.

Mkaazi_wa_Busia
Kwa hiyo tatizo limehamia kwenye orodha ya watu, si maneno. Nilikuwa nasema hivyo tangu mwanzo kwa njia yangu.

Dada_wa_Tororo
Jamani nimeweka. Ni Jumamosi jioni, koti nimechukua, picha nimepiga upya bila kitambulisho. Mwishowe niliandika hivi:

"Fundi aliuliza kama aweke pedi mabegani. Nikamwambia weka. Jumatatu nashika zamu ya asubuhi, tuombeane."

Malaba niliitoa kwa sababu wote wanajua niko wapi. "Tuombeane" ni ya Mama Shamim.

Dereva mmoja ameuliza kama fundi anashona za wanaume. Binamu ameandika kwamba na yeye alikuwa akiambiwa ana mabega ya mwanamume shuleni, tumeongea hadi saa nne usiku. Senga ameona na hajasema kitu, ambalo kwake ni sifa. Lakini mfanyakazi mwenzangu wa meza ya nyaraka, tuliyekaa pamoja miaka, ameandika: "Sawa bosi, tumeona mabega." Sijui nijibu nini. Hakuweka emoji.

Kijana_Kikuubo
Uuuu. Hilo limechoma.

Mkaazi_wa_Busia
Sitasema nilisema.

Mama_Shamim_Arua
Hilo si la kapsheni mwanangu. Huyo naye alikitaka hicho kiti. Usimjibu kwenye stetasi wala usimtumie emoji ya kucheka. Jumatatu nenda mapema, mnunulie chai kabla zamu haijaanza.

Kalamu_Nyeusi
Nakubaliana na mama. Maneno ya picha yanaweza kukuondolea shaka kwa watu ambao hawana sababu ya kukudhania vibaya. Mwenye kidonda anasoma kidonda chake. Ungeweza hata kuandika "habari za jioni" na angepata pa kushika. Ila nitasema hivi, "nashika zamu" kwake imegonga moja kwa moja. Kama ungeniambia kuna mtu mlikuwa mkiwania naye, ningekushauri sentensi ya Jumatatu uitoe kabisa na ubaki na fundi. Wangejua tu Jumatatu wakikuona.

Dada_wa_Tororo
Niifute sasa?

Kalamu_Nyeusi
Usiifute. Ameshaiona, ukifuta ataona na kufuta. Baada ya saa 24 itaondoka yenyewe. Ile ya Instagram unaweza kuhariri kapsheni, ukaacha sentensi mbili za kwanza.

Mkaazi_wa_Busia
Mimi nisingehariri hata hiyo. Amepata kazi, aseme amepata kazi. Sasa nyie mnamfundisha ajifiche kwa sababu ya mtu mmoja.

Mama_Shamim_Arua
Leo Mkaazi umesema kitu.

Dada_wa_Tororo
Mnanichanganya tena. Ya Instagram nimeiacha ilivyo kwa sasa. Fundi yuko soko kuu la Tororo, upande wa vitenge, anayeuliza aje inboksi. Na ndiyo, za wanaume anashona.

Simba_wa_Jimu
Nimeweka yangu jana. Mwalimu ameona. Anasema hakuwa kwenye simu.